Watu sita mezani, kalamu mbili, na pembetatu isiyokwepeka

*Mwalimu, kwenye harusi ya binamu yangu tulikaa watu sita meza moja. Jamaa mmoja akasema katika sita wowote lazima wapatikane watatu wanaojuana wote kwa wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Tukahesabu, kweli wakapatikana. Nyumbani nimejaribu kwa kalamu nyekundu na ya buluu karibu mara thelathini nione kama naweza kuikwepa, nimeshindwa. Lakini kushindwa kwangu si uthibitisho. Kwa nini lazima? Na kwa nini sita, wasiwe watano?*

Mara thelathini ni chache sana. Mtu wa kwanza ana wenzake watano wa kuunganishwa nao, wa pili anabakiwa na wanne, anayefuata watatu, kisha wawili, kisha mmoja: jumla jozi 15. Kila jozi ina hali mbili tu, kwa hiyo meza ya watu sita inaweza kupangika kwa namna 2^15, yaani 32,768. Kompyuta itazipitia zote kabla hujamaliza kupiga chafya, na itakuambia kwamba jamaa yako alisema kweli. Ila itakuwa imekupa jibu ikakunyima sababu, na wewe umeuliza sababu.

Kalamu zako mbili ndiyo njia yenyewe. Weka nukta sita kwenye duara, unganisha kila nukta na kila nyingine, halafu paka mstari rangi nyekundu kama wawili hao wanajuana, buluu kama hawajuani. Watatu wanaojuana wote ni pembetatu nyekundu. Watatu wasiojuana ni pembetatu ya buluu. Tangu hapo tunaweza kuwasahau watu tukabaki na mistari 15, na swali linakuwa: je, inawezekana kuipaka yote bila kutokea pembetatu ya rangi moja?

Tahadhari moja kabla ya kuendelea, maana nimeiona ikiwapoteza wanafunzi kila mwaka. Ukichora mistari yote 15, itakatana katikati na kuunda vipembetatu vingi vidogo. Hivyo havihesabiki. Pembetatu tunayoitafuta ni ile ambayo kona zake zote tatu ni nukta za watu. Mahali mistari miwili inapokatana hakuna mtu aliyekaa.

Na tahadhari ya pili imo ndani ya lugha yetu. Tunasema "wanajuana", na hiyo *-ana* inabeba mzigo mkubwa: mimi namjua yeye na yeye ananijua mimi. Namjua mtangazaji wa redio kwa sauti na kwa jina, yeye hajui kama nipo duniani, huyo hatujuani. Mstari wetu hauna mshale, hauna upande wa kutoka wala wa kufikia. Suala la kujua kwa upande mmoja nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina jibu lake zuri.

Sasa sababu. Waite watu sita Asha, Baraka, Chiku, Daudi, Esta na Faraji, na tumkamate mmoja tu, tuseme Asha. Kutoka kwake inatoka mistari mitano, na rangi ni mbili. Haiwezekani kila rangi iwe na mistari miwili au pungufu, kwa kuwa mbili na mbili ni nne na yeye ana mitano. Kwa hiyo kuna rangi ambayo imechukua angalau mistari mitatu. Tuseme ni nyekundu, na mistari hiyo inakwenda kwa Baraka, Chiku na Daudi.

Hapa wengi hutupa kalamu na kusema wamemaliza: Asha anawajua watatu, si ndio hao? Hapana. Kumjua Asha hakuwafanyi Baraka na Chiku wajuane. Tulichonacho ni mistari mitatu inayotoka nukta moja, kama vidole vya mguu wa kuku, na mguu wa kuku si pembetatu. Kazi iko kwenye mistari mitatu ambayo bado hatujaigusa: Baraka na Chiku, Chiku na Daudi, Baraka na Daudi.

Iangalie hiyo mitatu. Ukiupaka hata mmoja tu nyekundu, mathalani ule wa Baraka na Chiku, mara moja Asha, Baraka na Chiku wanakuwa pembetatu nyekundu, maana mistari miwili ya Asha ilikuwa myekundu tayari. Ili uikwepe, lazima uipake yote mitatu buluu. Lakini ukiipaka yote mitatu buluu, Baraka, Chiku na Daudi ndio pembetatu ya buluu. Mlango wa mbele umefungwa, na ukikimbilia wa nyuma unamkuta mwenye nyumba amesimama hapo.

Na kama ile rangi yenye mistari mitatu ya Asha ni buluu badala ya nyekundu, soma aya hiyo upya ukibadilishana majina ya rangi. Hakuna neno lingine la kugusa. Tazama pia kwamba sikumchagua Asha kwa sababu yoyote. Ungeweza kumkamata mgeni ambaye hamjui mtu hata mmoja pale mezani. Yeye ana mistari mitano ya buluu, na hoja inahitaji mitatu tu. Faraji na Esta hawakutajwa popote zaidi ya kumfanya Asha awe na mistari mitano. Hiyo ndiyo kazi yao yote, lakini bila wao hoja inavunjika.

Inavunjikaje? Punguza mtu mmoja. Asha sasa ana mistari minne, na minne inagawanyika mbili nyekundu, mbili buluu. Hatupati ule mguu wa kuku wenye vidole vitatu vya rangi moja, kwa hiyo hoja haianzi. Ila tuwe makini: hoja yangu kukwama si ushahidi kwamba watano hawatoshi. Pengine ipo hoja nyingine inayofanya kazi kwa watano. Ili kuufunga mjadala inatakiwa picha moja ya watu watano isiyo na pembetatu ya rangi moja, na picha hiyo ipo.

Wakalishe watano kuzunguka sinia la pilau, na kila mmoja awe anajuana na jirani yake wa kulia na wa kushoto tu. Mistari myekundu ni mitano, inazunguka ukingo. Ya buluu nayo ni mitano, inakata katikati na kuchora nyota. Sasa chukua watatu wowote. Hawawezi kuwa wote majirani, kwa sababu wakiwa watatu mfululizo, yule wa mwanzo na yule wa mwisho hawagusani. Wala hawawezi kuwa wote mbalimbali, kwa sababu kwenye duara la watano huwezi kuchagua watatu bila wawili kukaa bega kwa bega. Basi hakuna pembetatu nyekundu wala ya buluu. Watano hawatoshi, na sita ndiyo namba ndogo kuliko zote inayotosha.

Sasa mlete Faraji kwenye sinia hilo, tuone yale uliyoyapata nyumbani yanatokeaje. Duara ni Asha, Baraka, Chiku, Daudi, Esta, na kurudi kwa Asha. Faraji ana mistari mitano ya kupakwa. Akijuana na majirani wawili, pembetatu nyekundu imezaliwa. Kwa hiyo tumpe watu wasiokaa pamoja, na kwenye duara la watano wasiokaa pamoja hawazidi wawili. Tumpe Asha na Chiku. Kwa upande wa nyekundu tumepona. Lakini Baraka, Daudi na Esta sasa lazima wawe buluu kwa Faraji. Baraka na Daudi hawajuani, kwa hiyo Faraji, Baraka na Daudi ni pembetatu ya buluu. Baraka na Esta pia hawajuani, kwa hiyo Faraji, Baraka na Esta ni ya pili. Tumenaswa mara mbili.

Hiyo "mara mbili" si bahati mbaya, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, utamu ambao ule uthibitisho mfupi hauonyeshi. Rudi kwenye zile picha zako thelathini. Nina hakika, bila kuziona, kwamba kila moja ina angalau pembetatu mbili za rangi moja. Hata mezani harusini, mlipowapata watatu wenu mkaridhika, walikuwapo wengine watatu ambao hamkuwaona.

Nitajuaje? Kwa kuacha kuhesabu pembetatu na kuhesabu kona. Njia hii ilichapishwa na A. W. Goodman mwaka 1959. Tuite "kona mseto" kona yoyote ambapo mistari miwili ya rangi tofauti inakutana kwa mtu mmoja. Pembetatu ya rangi moja haina kona mseto hata moja. Pembetatu yenye rangi mbili, iwe nyekundu mbili na buluu moja au kinyume chake, ina kona mseto mbili kamili: zile mbili zilizo kwenye ncha za ule mstari wa rangi ya peke yake. Chora moja uone. Hazizidi wala hazipungui.

Sasa hesabu kona mseto kwa mtu mmoja mmoja. Mtu mwenye mistari myekundu r ana ya buluu 5 − r, na kila mwekundu ukikutana na kila wa buluu inapatikana kona mseto moja. Kwa hiyo ana kona r × (5 − r). Jaribu thamani zote: 0 inatoa 0, 1 inatoa 4, 2 inatoa 6, 3 inatoa 6, 4 inatoa 4, 5 inatoa 0. Hakuna mtu anayezidi kona mseto 6. Watu sita kwa pamoja hawazidi 36. Na kwa kuwa kila pembetatu ya rangi mbili inakula kona mbili, pembetatu hizo haziwezi kuzidi 18. Lakini watu sita wana pembetatu 20 kwa jumla. Ondoa 18, zinabaki 2 ambazo hazina budi kuwa za rangi moja.

Ijaribu kwenye sinia la Faraji. Faraji ana nyekundu 2, Asha sasa ana 3, Chiku ana 3, Baraka, Daudi na Esta wana 2 kila mmoja. Kila mtu anatoa kona 6, jumla 36, pembetatu za rangi mbili ni 18, zilizobaki ni 2. Ndizo zile mbili tulizozitaja kwa majina. Jaribu upande wa pili: meza yenye shangazi mmoja anayejuana na wote watano, nao wenyewe kwa wenyewe hawajuani kabisa. Shangazi anatoa 0, wengine watano wanatoa 4 kila mmoja, jumla 20. Pembetatu za rangi mbili ni 10, za rangi moja ni 10, na kweli, watatu wowote kati ya wale watano ni pembetatu ya buluu, na namna za kuchagua watatu kati ya watano ni 10.

Unaona faida yake? Huhitaji kujua nani anajuana na nani. Muulize kila mtu mezani swali moja tu, "Unajuana na wangapi hapa?", na kwa namba sita hizo utatamka idadi kamili ya pembetatu za rangi moja. Hutajua ngapi ni nyekundu na ngapi ni za buluu, wala ni nani na nani, ila jumla haitakupotea. Jumla ya namba hizo sita ikitoka witiri, jua kuna mtu amehesabu vibaya au amesema uongo, kwa sababu kila mstari mwekundu huhesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila ncha yake.

Njia hiyohiyo inajibu swali lako la watano kwa undani kuliko ule mfano wa sinia. Kwa watu watano kila mmoja ana mistari minne, kona zake ni r × (4 − r), na kilele chake ni 4, kinapatikana r ikiwa 2 tu. Jumla ya juu kabisa ni 20, pembetatu za rangi mbili hazizidi 10, na watu watano wana pembetatu 10 kamili. Namba zimelingana bila kubaki hata moja. Ndiyo maana kukwepa kunawezekana, lakini kwa shida: lazima kila mtu ajuane na wawili kamili. Na watu watano ambao kila mmoja anajuana na wawili hawana umbo lingine zaidi ya duara moja la watano, kwa sababu ukianza kufuata mistari myekundu ukafunga duara mapema kwa watatu, wawili waliobaki hawatoshi kufanya duara lao. Kati ya namna 1,024 za kupaka rangi mistari 10 ya watu watano, zinazokwepa ni 12 tu, na zote ni lile sinia la pilau, watu wakiwa wamebadilishana viti.

Kwa hiyo jibu langu la "kwa nini sita" ni hili: kwa watano nafasi ya kona inatosha pembetatu zote hasa, na kwa sita inapungukiwa na mbili.

Swali hili lina umri kidogo. Liliulizwa kwenye mashindano ya hisabati ya wanafunzi huko Hungaria mwaka 1947, na likatokea tena mwaka 1953 katika mashindano ya Putnam ya Marekani, safari hiyo likiwa limevaa rangi waziwazi: nukta sita, mistari 15, nyekundu na buluu. Nyuma yake yuko Frank Ramsey wa Cambridge, aliyefariki Januari 1930 akiwa na miaka 26. Katika makala yake ya mantiki, iliyochapishwa mwaka huohuo, alithibitisha kwamba hali hii haiishii kwa watatu: ukitaka kundi la rangi moja la ukubwa wowote, ipo idadi ya watu inayolilazimisha litokee. Kwa watu wanne wanaojuana wote au wasiojuana wote, idadi hiyo ni 18. Kwa watano haijulikani. Imebanwa kati ya 43 na 46, na huwezi kuipata kwa kuzijaribu rangi zote kama kompyuta ilivyofanya kwa meza yako, kwa sababu watu 43 wana jozi 903, na 2 kwa kipeo cha 903 ni namba yenye tarakimu 272.

Ukitaka kuwachezesha watoto, upo mchezo aliouandika Gustavus Simmons mwaka 1969. Nukta sita, wachezaji wawili, kila mmoja na kalamu yake, wanachora mstari mmoja mmoja kwa zamu. Atakayekamilisha pembetatu ya rangi yake mwenyewe ameshindwa. Mchezo huu hauwezi kwisha sare, na sasa unajua sababu. Mimi nimeona watoto wakigombania sare mchana kutwa.

Nilikuahidi mtangazaji wa redio. Tuseme hutaki kulazimisha *-ana*, unataka kutofautisha hali tatu: wanajuana, mmoja tu ndiye anayemjua mwenzake, au hakuna anayemjua mwenzake. Hizo ni rangi tatu, na watu sita hawatoshi tena. Tumia nyekundu, njano na buluu, na uulize ni watu wangapi wanaolazimisha pembetatu ya rangi moja. Jibu ni 17, na uthibitisho unaujua tayari kwa robo tatu. Mkamate mtu mmoja. Ana mistari 16, rangi ni tatu, na kwa kuwa tano mara tatu ni 15, kuna rangi yenye mistari sita au zaidi. Tuseme ni njano. Waangalie wale sita walio upande wa pili wa mistari hiyo. Ukipaka hata mstari mmoja kati yao njano, yule uliyemkamata anafunga pembetatu ya njano. Usipopaka hata mmoja njano, basi hao ni watu sita waliobakiwa na rangi mbili, nyekundu na buluu, na hao tumeshamalizana nao.

Swali hilo la watu 17 na rangi tatu liliwekwa kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1964. Na watu 16 hawatoshi: Greenwood na Gleason walionyesha mwaka 1955 jinsi ya kupaka mistari yao yote 120 kwa rangi tatu bila pembetatu ya rangi moja. Usijaribu kuitafuta picha hiyo kwa kubahatisha kama ulivyofanya nyumbani. Kila mtu ndani yake ana mistari mitano ya kila rangi, na ukiwachukua watano waliounganishwa naye kwa rangi moja, ukaangalia mistari iliyo kati yao wenyewe, utakuta rangi mbili zilizobaki zimejipanga kama lile sinia la pilau.